Windows Ikigoma Njiani: Jinsi ya Kuisoma Namba ya Kosa

Kompyuta imeshavuka nusu ya safari, imejizima na kujiwasha yenyewe, kisha ghafla inaanza kurudi ilikotoka. Muda mrefu unapita. Hatimaye Windows ya zamani inafunguka na mafaili yote yapo mahali pake, ila katikati ya skrini kuna kidirisha kinachotangaza kwamba usakinishaji umeshindikana. Chini ya tangazo hilo kuna maandishi ambayo wengi huyatupia jicho mara moja, wakabonyeza Close, wakaanza upya kazi ileile kwa matumaini kwamba safari hii itapita:

```
0x8007042B - 0x2000D
The installation failed in the SAFE_OS phase
with an error during MIGRATE_DATA operation
```

Haitapita. Kosa lililoizuia mara ya kwanza bado liko palepale, na saa mbili nyingine zitateketea bure. Tangu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipofikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamekuwa wakipandisha kompyuta zao kwenda Windows 11, na kidirisha cha namna hii kimekuwa mgeni wa mara kwa mara mezani kwa mafundi. Fundi mwenye haraka hufuta diski yote na kusakinisha upya. Njia hiyo mara nyingi hufanikiwa, lakini mwenye kompyuta hupoteza programu zake, mipangilio yake, na pengine picha na hati ambazo hakuwahi kuzihifadhi kwingine. Hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa kusoma mstari mmoja, kwa sababu namba zile mbili zinasema mengi.

Mwenye kompyuta aipige picha skrini hiyo kwa simu kabla ya kufunga kidirisha. Akishakifunga bila kunakili, namba hazijapotea: afungue Event Viewer, aingie kwenye Windows Logs, kisha Application, atafute neno WinSetupDiag02. Ndani ya tukio hilo kuna orodha ya P1, P2 na kuendelea. Namba ya kwanza ya kosa huwa kwenye P5, na ya pili kwenye P6.

Ni vizuri kuanza na hiyo ya pili, iliyo kulia mwa kistari, kwa kuwa inajibu swali jepesi zaidi: kompyuta ilikuwa imefika wapi, na ilikuwa inafanya nini? Katika 0x2000D, tarakimu ya kwanza baada ya 0x ni 2, na hiyo inataja hatua ya safari. Mbili za mwisho, 0D, zinataja kazi iliyokuwa ikifanyika.

Kupandisha toleo la Windows hupitia hatua nne. Hatua ya 1 hufanyika ndani ya Windows ya zamani, wakati mtu bado anaona dirisha la asilimia na anaweza kusogeza kipanya. Hapa programu hukagua kama kompyuta inafaa, kama nafasi inatosha, na hunakili mafaili. Hatua ya 2 ndiyo inayoitwa SAFE_OS. Kompyuta hujiwasha upya na kuingia katika Windows ndogo ya muda, ambayo kazi yake ni kuiweka pembeni ile ya zamani na kuipanga mpya. Hatua ya 3, FIRST_BOOT, ni pale Windows mpya inapoamka kwa mara ya kwanza na kuanza kuzitambua draiva za vifaa. Ya 4, ambayo skrini huiita SECOND_BOOT, huja mwishoni, mipangilio ya mwenye kompyuta inaporejeshwa kabla hajaingia kwenye akaunti yake.

Kujua hatua peke yake kunapunguza sana watuhumiwa. Kukwama kwenye hatua ya 1 mara nyingi kunatokana na nafasi ndogo au programu isiyoelewana na Windows mpya. Kukwama kwenye hatua ya 3 karibu kila mara kunaashiria draiva. Hatua ya 4 humulika antivairasi na draiva zake, na hatua ya 2 huwa na mchanganyiko: draiva, programu za kufunga diski kwa siri zisizotoka Microsoft, au mafaili yaliyoharibika.

Kuhusu zile tarakimu mbili za mwisho, hakuna haja ya kuzikariri, kwani mstari wa maneno chini yake umeshazitafsiri. 0D ni MIGRATE_DATA, yaani kuhamisha data. 17 ni BOOT, yaani kuwaka kwa mashine. 18 ni SYSPREP, ambayo ni kuiandaa Windows mpya. Kwa hiyo 0x2000D inasema: tulikuwa ndani ya ile Windows ya muda, tunahamisha mafaili na mipangilio, tukakwama.

Tulikwama kwa sababu gani? Hilo ni la namba ya kushoto, nayo ina utaratibu wake.

Namba inayoanza na 0x8007 ina sehemu mbili. Ile 8007 ya mbele inasema tu kwamba kosa limetokea na kwamba limetoka kwenye orodha ya kawaida ya makosa ya Windows. Kosa lenyewe liko kwenye tarakimu nne za mwisho. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa mfumo wa kuhesabu wa kumi na sita, ambamo baada ya 9 huja A mpaka F, na F ni 15. Mfano mwepesi ni 0x80070070. Ondoa 8007, inabaki 0070. Kila hatua ya kwenda kushoto inazidisha kwa 16, kwa hiyo 7 mara 16 ni 112. Asiyependa hesabu afungue kikokotoo cha Windows, achague Programmer, abonyeze HEX, aandike 70, kisha asome mstari wa DEC.

Ukishapata 112, Windows yenyewe inajua maana yake. Fungua Command Prompt uandike:

```
net helpmsg 112
```

Jibu linakuja papo hapo: "There is not enough space on the disk." Diski imejaa. Hakuna kilichoharibika, hakuna virusi, hakuna haja ya fundi. Mwenye kompyuta afungue Disk Cleanup, ahamishie video na picha kwenye diski ya nje, ajaribu tena. Mtu asiyetaka kugeuza namba kabisa anaweza kutumia amri ya `certutil -error 0x80070070`, ambayo hupokea namba kama ilivyo na kutoa maelezo yaleyale. Kwa njia hiihii, 0x80070005 inageuka kuwa kosa la 5, kunyimwa ruhusa, na 0x80070003 inageuka kuwa la 3, njia ya faili isiyopatikana.

Sasa turudi kwenye namba yetu, 0x8007042B. Tarakimu za mwisho ni 042B: 4 mara 256 ni 1024, 2 mara 16 ni 32, na B ni 11. Jumla ni 1067. Amri ya net helpmsg 1067 inajibu kwamba shughuli fulani imekatika bila kutarajiwa.

Jibu hilo ni la kweli lakini halimsaidii mtu. Shughuli imekatika, sawa, ila imekatwa na nini? Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kupakua programu za mitaani zinazodai kutibu kila namba ya kosa kwa kubonyeza mara moja. Hakuna programu ya kutibu 1067, kwa sababu 1067 si ugonjwa. Kosa la kweli lilitokea kabla yake, likaangusha shughuli moja, na anguko hilo la mwisho ndilo lililopanda hadi kwenye skrini. Ili kulifikia lile la kwanza, inabidi kusoma kumbukumbu ambazo Windows iliandika yenyewe wakati ikifanya kazi.

Kumbukumbu hizo zipo kwenye mafaili mawili ya maandishi ya kawaida. La kwanza ni setupact.log, lenye kila kitu kilichofanyika pamoja na saa yake. La pili, setuperr.log, lina makosa tu. Mahali yanapokaa hutegemea hatua iliyokwama, na hii ndiyo sababu ya kuanza na namba ya kulia. Hatua ya 1 huyaacha kwenye folda ya kwanza hapa chini. Kompyuta ikishaanza kujiwasha upya kisha ikarudi nyuma, yanayohitajika ni ya folda ya pili:

```
C:\$Windows.~BT\Sources\Panther
C:\$Windows.~BT\Sources\Rollback
```

Folda hiyo ya $Windows.~BT imefichwa. Ndani ya File Explorer, mtu aende kwenye View na kuruhusu Hidden items, ndipo ataiona. Asiifute kwa haraka ya kutafuta nafasi, kwani ushahidi wote umo ndani yake.

Sasa faili la setupact.log lifunguliwe kwa Notepad. Ni refu, lina maelfu ya mistari, na mtu akianza kulisoma kutoka juu atachoka kabla hajafika popote. Mbaya zaidi, atakutana na neno Error mara nyingi mahali ambapo hakuna tatizo lolote, kwa kuwa programu hujaribu mambo, yakakataa, ikaendelea na mengine. Lisomwe kutoka chini kwenda juu. Shuka mpaka mwisho wa faili, bonyeza Ctrl na F, chagua kutafuta kwenda juu, andika 8007042B.

Microsoft imewahi kuuchambua mfano wa namba hii hii katika maelezo yake kwa mafundi, na unafaa kufuatiliwa hatua kwa hatua. Mistari yenyewe ni mirefu, kwa hiyo hapa imefupishwa:

```
Error SP  Error READ, 0x00000570 while gathering/applying
          object: File, C:\ProgramData\Microsoft\Crypto\RSA\S-1-5-18 [CN]
Error MIG Error 1392 while gathering object File, C:\ProgramData\...
          Shell application requested abort!
...
Error SP  Operation failed: Migrate framework (Full). Error: 0x8007042B
```

Mstari wa mwisho ndio ulioonekana kwenye skrini. Kutoka hapo msomaji anapanda juu taratibu akitafuta maneno "requested abort", yaani shughuli imeomba kusitishwa. Anayapata, na pembeni yake kuna namba mpya, 1392. Mstari ulio juu yake unataja 0x00000570, na ukigeuza 570 unapata 5 mara 256, ambayo ni 1280, ukijumlisha 7 mara 16, ambayo ni 112: jumla 1392. Mistari miwili inasema jambo moja. Ukiiuliza Windows, net helpmsg 1392 inajibu kwamba faili au folda imeharibika na haisomeki.

Basi kisa chote kimefunguka. Programu ya usakinishaji ilikuwa inakusanya mafaili ili kuyahamishia kwenye Windows mpya. Ikalifikia faili moja ndani ya folda ya Crypto, ikashindwa kulisoma kwa kuwa limeharibika kwenye diski. Shughuli ya kuhamisha ikakatika, na kukatika huko ndiko kulikopewa namba 1067. Faili moja ndilo lililoirudisha nyuma safari nzima, na njia ya kulifikia imeandikwa waziwazi.

Tiba iliyotolewa na Microsoft kwa kisa hicho ilikuwa kulifuta faili hilo lililoharibika, kisha kurudia. Hata hivyo fundi mwangalifu hataanza kwa kufuta. Folda ya Crypto\RSA hutunza funguo za siri za Windows, na ile S-1-5-18 ni utambulisho wa mfumo wenyewe, si wa mtumiaji fulani. Zaidi ya hapo, faili likiharibika kwenye diski, lazima kujiuliza kama diski yenyewe ni nzima. Kwa hiyo kwanza ahifadhi data muhimu kwenye diski nyingine. Halafu afungue Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi na kuagiza ukaguzi:

```
chkdsk C: /f
```

Windows itasema diski inatumika na kuomba ukaguzi ufanyike kompyuta itakapowashwa tena. Akubali kwa Y, awashe upya, asubiri. Mara nyingine ukaguzi huo unatosha. Usipotosha, ndipo aliguse faili lililotajwa, hilo peke yake, bila kuigusa folda nzima. Na ikiwa jaribio linalofuata litagoma kwa namba ileile lakini faili lingine, kisha lingine tena, asiendelee kufuta moja baada ya jingine. Diski inakufa, na kazi ya haraka ni kuokoa data na kununua diski mpya.

Kuna namba nyingine ambayo haifuati utaratibu wa 8007, nayo ndiyo inayowasumbua wengi kuliko zote: 0xC1900101. Namba zinazoanza na C1900 zimetungwa na programu ya usakinishaji yenyewe, hivyo net helpmsg haina la kusema juu yake. Baadhi zina maana moja iliyonyooka. 0xC1900208 inasema kuna programu isiyokubaliana na Windows mpya. 0xC190020E inasema nafasi haitoshi. 0xC1900107 inasema mabaki ya jaribio lililopita bado yanasubiri kusafishwa, na kuwasha upya kompyuta hutosha mara nyingi. Lakini 0xC1900101 ni jina la jumla la kurudishwa nyuma, na kwa kawaida mzizi wake ni draiva. Haikuambii ni draiva ya kifaa gani.

Katika hali hiyo namba ya kulia ndiyo pekee yenye kusema kitu. Ikiwa 0x20017, mashine ilishindwa kuwaka ndani ya Windows ya muda. Ikiwa 0x30018, ilishindwa wakati Windows mpya ikijiandaa. Ikiwa 0x4000D, ilifika hadi hatua ya mwisho ikakwama kwenye kuhamisha data. Njia ya kupunguza watuhumiwa ni kuchomoa kila kisichohitajika, yaani printa, modemu, flashi, skrini ya pili, na kubaki na kipanya na kibodi, halafu kuondoa kabisa antivairasi isiyotoka Microsoft. Kuizima tu hakutoshi, kwa sababu draiva yake hubaki imejipachika ndani ya mfumo. Isipopita hapo, litazamwe faili la setupapi.dev.log lililo ndani ya C:\Windows\INF, ambalo huandika habari za kila draiva inayowekwa.

Kwa wasiotaka kupekua mistari, kuna msaidizi anayefanya kazi hiyo. Tangu Windows 10 toleo la 2004, programu ya Microsoft iitwayo SetupDiag imo ndani ya usakinishaji wenyewe, na huamka bila kuitwa kila kupandisha toleo kunaposhindikana. Hulinganisha kumbukumbu na orodha ya makosa inayoyafahamu, kisha huandika matokeo yake kwenye faili la SetupDiagResults.xml ndani ya C:\Windows\Logs\SetupDiag. Inafaa kulifungua kabla ya mengine yote. Ila kosa likiwa halimo kwenye orodha yake, itabidi kurudi kwenye setupact.log na kusoma kwa macho.

Yote hayo ni kwa anayepanda kutoka Windows moja hadi nyingine. Anayesakinisha upya kwa flashi, kwenye diski tupu, hukutana zaidi na 0x80070570, ile ile 1392 tuliyoiona, lakini safari hii mtuhumiwa amebadilika. Hapa mafaili yanatoka kwenye flashi, kwa hiyo lisilosomeka huenda liko huko, au lilipakuliwa likiwa na kasoro kwa mtandao uliokatikakatika. Kabla ya kulaumu diski, alikague faili la ISO alilotumia kutengeneza flashi:

```
certutil -hashfile Win11.iso SHA256
```

Jina Win11.iso libadilishwe liwe la faili lake. Mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu utakaotokea unapaswa kufanana kabisa na ule ambao Microsoft huutoa kwenye ukurasa wa kupakulia. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili ni bovu na lipakuliwe upya. Ukifanana, ibadilishwe flashi. Kosa likibaki lilelile kwa flashi nyingine iliyo nzima, ndipo zikaguliwe RAM na diski. Na asiwashe upya kwa pupa: katika usakinishaji wa namna hii, kumbukumbu za mwanzo hukaa kwenye X:\Windows\Panther, na X si diski halisi bali ni sehemu ya RAM. Zikishazimwa zimetoweka. Kosa likiwa bado kwenye skrini, abonyeze Shift na F10, dirisha jeusi litafunguka, aandike notepad na kulisoma setuperr.log hapohapo, au ayanakili mafaili hayo kwenye flashi nyingine.

Hutokea pia kwamba hakuna namba kabisa. Kompyuta ilizima katikati, ikawaka, ikarudi ilikokuwa bila kidirisha chochote. Lifunguliwe setupact.log na utazamwe mstari wa mwisho. Likiwa na malalamiko na maneno ya kusitisha, lisomwe kama tulivyosoma la juu. Lakini likiwa linaendelea vizuri na kuishia ghafla, bila Error wala abort, programu haikushindwa bali ilikatiwa: umeme ulizimika, betri ya kompyuta mpakato iliisha, au mashine ilipata joto kupita kiasi ikajizima. Saa iliyoandikwa kwenye mstari huo ilinganishwe na saa umeme ulipokatika mtaani. Zikilingana, kinachohitajika ni chaja iliyochomekwa, betri iliyojaa, na jaribio jingine saa ambazo umeme hutulia.